Chachu ya Njombe iliyozimia Dar es Salaam

Mwishoni mwa Januari wifi yangu alihamia Dar es Salaam kikazi akitokea Njombe. Kwenye mizigo yake kulikuwa na chupa ya kioo yenye chachu ya unga wa ngano aliyoianzisha mwenyewe jikoni kwa mama mkwe, karibu miaka miwili nyuma. Ni ile chachu ya unga na maji tu, isiyo na hamira ya dukani, inayoumua mkate kwa hamira za porini na bakteria wanaoishi humo. Njombe ilikuwa inampa mikate mizuri kila wiki. Katikati ya Februari alinipigia simu kusema imekufa, na kwamba kabla hajaimwaga angependa niione.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa halikuwa uzembe. Wifi alikuwa akiilisha kila siku saa moja asubuhi bila kuruka hata siku moja. Ratiba ile ile iliyoikuza chachu ndiyo iliyoidhoofisha.

Nilipofika nilikuta chupa ina maji ya kijivu yaliyotengana juu, na chini yake ujiuji mwepesi. Nilipofungua mfuniko, harufu ilinichoma puani kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na nyuma yake siki. Hakukuwa na ukungu wala michirizi ya rangi ya waridi au ya machungwa. Hilo ndilo la kuangalia kwanza kabla ya jambo lolote, maana chachu yenye ukungu au rangi hizo hutupwa yote na chupa huoshwa kwa maji ya moto, hakuna kuokoa. Maji ya kijivu na harufu kali si uozo. Ni pombe na asidi ambazo viumbe wa chachu huziacha baada ya kula chakula chote kilichokuwepo, na zinasema jambo moja tu, kwamba ina njaa.

Nikamuuliza anailisha vipi. Alisema anabakiza gramu 50 za chachu, anaongeza gramu 50 za unga mweupe na gramu 50 za maji, mara moja kwa siku. Maji anachemsha na kuyapoza, kwa hiyo klorini ya bomba haikuwa na nafasi ya kuwa mshtakiwa. Wiki iliyopita, alipoona haipandi, alitia kijiko cha sukari na nusu kijiko cha hamira ya dukani. Siku hiyo ilifura hadi ikamwagika, naye akafurahi. Siku ya pili ilirudi vile vile.

Hilo la hamira na sukari watu wengi hulifanya, na inafaa kueleza kwa nini halisaidii. Hamira ya dukani ina nguvu na haraka, kwa hiyo hula sukari na kutoa hewa nyingi kwa saa chache. Lakini asidi iliyojaa ndani ya chupa haipungui hata chembe. Kilichokuwa kinaizuia chachu kinabaki pale pale, na hamira mgeni haidumu kwa raha katika asidi kali siku baada ya siku. Sukari nayo ni chakula kilichoongezwa kwenye maji machafu yale yale. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba ule mfuro unakudanganya, kwa sababu kwa siku moja unashindwa kujua kinachopanda ni chachu yako au ni pakiti ya dukani.

Niliweka kipimajoto juu ya kabati lake la jikoni. Mchana kilisoma nyuzi 31, na alfajiri, kabla jua halijatoka, 28. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jikoni kwa mama mkwe, mbali na moto, ni mahali pa kuvaa sweta. Wifi alikadiria nyuzi 17 au 18 kwa siku ya kawaida. Hapo ndipo kisa chote kilipo, ila sikutaka kumwambia kabla ya kumwonyesha.

Tulifanya jaribio la kwanza saa tatu asubuhi. Tuliilisha kwa vipimo vyake vile vile, 50 kwa 50 kwa 50, tukaitia kwenye chupa safi iliyonyooka na kuvisha mpira wa kufungia noti pale usawa wake ulipofika. Kisha tukakaa nayo. Saa tano na nusu ilikuwa imepanda robo tu ya kimo chake, imejaa viputo juu vinavyopasuka kama uji unaotokota. Saa saba mchana ilikuwa imeshashuka hadi kwenye mpira.

Wifi aliona kushindwa. Mimi niliona habari njema. Chachu iliyokufa haifanyi chochote, na iliyopatwa na baridi hupanda polepole ila huendelea kupanda kwa saa nyingi. Hii ilipanda upesi, kidogo, ikaanguka. Maana yake wamo walio hai ndani yake, lakini wako wachache kuliko inavyotakiwa, na unga wenyewe haushiki hewa inayotolewa. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na yote yanatoka kwenye chanzo kimoja.

Ndani ya chachu kuna makundi mawili yanayoishi pamoja. Hamira hutoa hewa inayoumua mkate. Bakteria hutoa asidi inayoupa uchachu na kuzuia wavamizi. Joto haliwapendelei kwa usawa. Hamira za aina hii hustawi zaidi karibu na nyuzi 27, na zikipanda juu ya 30 huanza kupungua kasi, ilhali bakteria wengi wa chachu hufurahia nyuzi 32 na hata zaidi. Kwa hiyo kwenye jiko la Dar es Salaam mwezi wa Februari, kila saa inayopita bakteria wanaongeza asidi kwa kasi huku hamira zikibaki nyuma. Asidi inapokuwa kali sana bakteria wenyewe husimama, na wakati huo hamira zimeshaishiwa chakula na zinakaa ndani ya tindikali hadi alfajiri. Juu ya hayo, asidi huamsha vimeng'enya vya unga vinavyokatakata gluteni, ule utando wa nyuzinyuzi unaoshika hewa. Ndiyo sababu chachu yake ilikuwa ujiuji. Ukichovya kijiko na kukiinua, chachu yenye afya huvutika kama utandu, hii ilidondoka kama maziwa.

Sasa tazama hesabu ya saa. Njombe, kwa nyuzi 17, sehemu moja ya chachu kwa moja ya unga kwa moja ya maji ilimchukua zaidi ya nusu siku kufika kileleni. Aliamka akaikuta imeshuka kidogo tu, akailisha. Dar, mlo ule ule unakwisha ndani ya saa tatu. Saa ishirini na moja zinazobaki inakaa na njaa. Halafu asubuhi anapoilisha, theluthi nzima ya mchanganyiko mpya ni ile chachu ya jana iliyojaa asidi na gluteni iliyokatika. Kila siku inaanza ikiwa imechoka kuliko jana. Wiki mbili zilitosha.

Wifi alisema basi atailisha mara tatu kwa siku. Ingefaa, kama angekuwa nyumbani na kama unga ungekuwa wa bure. Njia nyepesi ni kubadili uwiano, si kuongeza idadi ya milo. Ukichukua gramu 10 za chachu, ukaongeza gramu 50 za unga na 50 za maji, asidi ya zamani inakuwa sehemu moja kati ya kumi na moja badala ya theluthi. Ukichukua gramu 5, ni moja kati ya ishirini na moja. Na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kuwapa chakula mara kumi hakufanyi wachukue muda mara kumi. Viumbe hawa huongezeka kwa kujigawa, mmoja kuwa wawili, wawili kuwa wanne. Kutoka sehemu moja kati ya tatu hadi kuijaza chupa wanahitaji kujigawa mara moja na nusu hivi, na kutoka moja kati ya ishirini na moja wanahitaji mara nne na kitu. Muda unaongezeka mara mbili au tatu basi.

Saa nane mchana tuligawa chachu kwenye chupa tatu ili tusibahatishe. Ya kwanza ililishwa kwa mtindo wake wa zamani. Ya pili ilipata gramu 10 za chachu, 50 za unga mweupe na 50 za maji. Ya tatu ilikuwa kama ya pili, ila nusu ya unga ilikuwa atta, yaani unga wa ngano wenye pumba zake. Pumba za ngano zina madini ambayo hupunguza makali ya asidi isipande haraka, na atta yenyewe huja na vimeng'enya na hamira zake za porini. Kwa kuamsha chachu iliyozimia sijaona kitu kingine dukani kinachoishinda.

Chupa ya kwanza ilirudia kile kile, ikapanda robo na kuanguka. Nyingine mbili zilikaa kimya, na hapa ndipo subira inapohitajika kweli. Saa mbili usiku, baada ya saa sita, ya pili ilikuwa na viputo vichache tu kwenye kioo. Wifi alitaka kuilisha tena. Nilimzuia. Chachu dhaifu ukiilisha kabla haijapanda, unawapunguza wale wachache waliobaki kwa kuwamwagia unga mwingine, na ukirudia mara mbili tatu unaweza kuimaliza kabisa kwa huruma yako mwenyewe. Watu hulisha kwa kufuata saa ya ukutani kwa sababu wamesoma mahali kwamba chachu hulishwa kila saa kumi na mbili. Lakini iliyo dhaifu hulishwa inapofika kileleni, hata kama ni baada ya saa ishirini. Kilele unakijua kwa macho. Juu inakuwa imetuna kama kichuguu, kisha katikati inaanza kuwa bapa. Ikiwa imeshabonyea na kuacha alama ya utando kwenye kioo juu yake, umechelewa kidogo.

Ya tatu, yenye atta, ilifika mara mbili ya kimo chake saa tatu na nusu usiku. Ya pili ilifika saa tano. Tukaacha nyingine zote, tukaendelea na ya tatu peke yake, na saa nne usiku ilipoanza kuwa bapa tukaichotea gramu 10 na kuilisha tena vile vile. Alfajiri ya Jumapili, saa kumi na moja, wifi alinitumia picha. Ilikuwa imepita mara mbili, na mgongo wake ulikuwa wa duara. Mlo wa tatu ulipandisha mara mbili na nusu kwa saa sita. Jumatatu jioni, mlo wa sita, ilifika mara tatu kwa muda mfupi zaidi ya huo, na ile harufu ya dawa ya kucha ilikuwa imetoweka. Sasa ilinukia maziwa mgando na ndizi iliyoiva.

Hapo ndipo aliuliza lile swali la kuidondosha kwenye glasi ya maji kuona kama inaelea. Silipendi jaribio hilo kwa unga wetu. Chachu nyepesi yenye maji sawa na unga hupoteza hewa unapoichota, ikazama ilhali iko hai na ina nguvu. Mpira kwenye chupa hausemi uongo. Ikipanda mara mbili au zaidi kwa saa zile zile, mlo baada ya mlo kwa siku mbili mfululizo, iko tayari kuumua mkate.

Kilichobaki ni ratiba ya mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni. Tulijaribu gramu 5 za chachu kwa 50 za unga kwa 50 za maji, na kwenye zile 50 za unga, 10 ni atta. Kwa nyuzi 30 inafika kileleni kwa saa nane hadi tisa. Ikimngoja saa tatu au nne zaidi, inashuka lakini haiungui. Siku za joto kali zaidi tulipunguza maji hadi gramu 30, ikawa kinyunga kigumu cha kukandwa kwa vidole. Chachu ngumu huenda taratibu na gluteni yake hudumu zaidi. Nilimwonyesha pia kuisimamisha chupa ndani ya beseni la maji na kuifunika kwa kitambaa kibichi, ila sikumpa matumaini makubwa. Dar hewa imejaa unyevu, kitambaa hakikauki upesi, na joto linapungua nyuzi mbili au tatu tu. Mahali pakavu kama Dodoma njia hiyo ina maana zaidi.

Lakini wifi haoki kila siku. Anaoka Jumamosi, na kulisha chachu mara mbili kwa siku kwa ajili ya mkate mmoja wa wiki ni kumwaga unga. Kwa hiyo makao ya chachu yake sasa ni friji, na hili nalo lina namna yake. Wengi huilisha, wakaiacha ifike kileleni, kisha wakaitia kwenye friji, na hapo wanaiweka ikiwa tayari imeshakula. Yeye anailisha gramu 10 kwa 50 kwa 50, anaiacha mezani saa mbili hivi hadi viputo vya kwanza vionekane, ndipo anaifungia ndani ya baridi ikiwa bado na chakula cha kutosha wiki nzima. Kwa nyuzi nne hamira na bakteria karibu wanasimama. Alhamisi usiku anaitoa na kuilisha kwa gramu 5, Ijumaa asubuhi tena, Ijumaa usiku tena, na Jumamosi asubuhi iko kileleni. Milo mitatu si ushirikina. Ule wa kwanza baada ya friji mara nyingi hupanda kwa unyonge, wa pili unarudisha kasi, na wa tatu ndio wa kuoka.

Umeme ukikatika nusu siku, friji iliyofungwa inavumilia. Ukikatika zaidi ya hapo, anaitazama chupa kama vile iko mezani, na ikishapanda anailisha.

Mkate wa kwanza aliuoka Jumamosi iliyofuata. Gramu 500 za unga, 350 za maji, 100 za chachu na 10 za chumvi. Donge liliumuka kwa saa nne tu kwenye joto lile, naye alikuwa amezoea saa nane au tisa za Njombe, kwa hiyo nilimsisitiza aliangalie donge lenyewe na si saa. Aliuoka ndani ya sufuria zito lenye mfuniko. Ulipanda, ukapasuka juu pale alipouchanja kwa wembe, na ndani ulikuwa na matundu yasiyolingana kama inavyotakiwa. Ile mikate miwili ya mwanzo wa Februari ilikuwa imetandazika kama chapati na kuchanika pembeni, na sasa unajua kwa nini. Aliingiza kwenye donge gramu 100 za asidi na gluteni iliyokatika, na unga mpya ukaharibiwa kutoka ndani.

Chachu anayopunguza kabla ya kulisha, ikiwa na afya, anaikusanya kwenye bakuli ndani ya friji na kuikoroga kwenye chapati za maji, na zinakuwa na uchachu mzuri. Ile ya siku za ugonjwa tuliimwaga. Ilikuwa kali mno, na haikuwa na sababu ya kuingia kwenye chakula cha mtu.

Mwezi wa Machi alitaka kumrudishia mama mkwe chachu ile, maana ya Njombe ilikuwa imeachwa bila mlishaji. Basi la siku nzima kwenye joto lingeifanya imwagike, kwa hiyo aliikanda iwe ngumu kabisa, akaifukia ndani ya kopo la unga mkavu, na nyingine akaipaka kwa wembamba kwenye karatasi ya kuokea, akaikausha chini ya feni kwa siku mbili na kuivunja vipande. Vipande hivyo vikikauka vizuri hukaa kwenye chupa miezi mingi, na vikilowekwa kwenye maji ya vuguvugu na unga huamka kwa siku mbili au tatu. Ni akiba ambayo kila mwenye chachu anapaswa kuwa nayo.

Pamoja na kopo alimwandikia mama vipimo vya Dar, gramu 5 kwa 50 kwa 50. Siku ya tatu mama mkwe akapiga simu kusema chachu imekufa. Aliilisha asubuhi, usiku ikawa haijapanda, akailisha tena, na tena. Wifi alimwambia aiache asiiguse hadi itune, na baada ya hapo achukue gramu 25 za chachu kwa 50 za unga na 50 za maji, mara moja kwa siku, karibu na jiko. Ilituna siku iliyofuata, jioni.